Hina Ikolee, Ngozi Ibaki Yake

Kwenye harusi nyingi za pwani, kuanzia Lamu mpaka Unguja, bi harusi haruhusu sura yake itoke nje ya familia. Simu huzuiwa ukumbini, mpiga picha huwa mwanamke, na albamu hubaki nyumbani. Picha inayoruhusiwa kutembea ni ya mikono. Hiyo ndiyo anayotumiwa shangazi aliyeko Maskati, na hiyo ndiyo mchora hina anayoiweka kwenye ukurasa wake ili wateja wa msimu ujao waone kazi yake. Picha hiyo moja inabeba mambo mawili kwa pamoja: ua lililochorwa kwa saa tatu nne, na mkono wa mtu ambaye mama yake anaujua rangi yake tangu siku ya kwanza.

Mara nyingi kimoja kinapotea. Ama hina haionekani vizuri, ama hina inaonekana lakini mkono si wa mwenyewe. Aina ya pili ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu hufanywa kwa makusudi. Mpiga picha huona ua limefifia, akasogeza kitufe cha mwanga juu, mkono ukawa mweupe, ua likajitokeza, akaridhika. Bi harusi mwenye rangi ya maji ya kunde anapewa mikono ya mtu mwingine, na kwenye picha ya pili, alipopigwa na mumewe, mikono ile ile ina rangi nyingine. Watu huona, hata wasiposema.

Kazi hii inawezekana bila kuigusa ngozi hata kidogo. Ili kuelewa namna yake, kwanza tujue kwa nini hina hupotea.

Picha ya kidijitali imejengwa kwa picha tatu zilizolaliana: moja inapima mwanga mwekundu, moja wa kijani, moja wa buluu. Wapiga picha huziita chaneli. Hina ni rangi nyekundu ya kahawia, na maana yake ni kwamba inaurudisha mwanga mwekundu kwa wingi na kuumeza ule wa kijani na wa buluu. Ngozi yetu nayo inaurudisha zaidi mwekundu kuliko rangi nyingine. Kwa hiyo kwenye chaneli nyekundu hina na ngozi zinakaribiana, na mkono unaonekana kama haukuchorwa sana. Kwenye kijani ndiko ua lilikojificha, limekaa wazi kabisa.

Tuchukue mfano wa mkono mmoja, mgongo wa kiganja, uliopigwa dirishani. Ukigusa ngozi tupu kwa kipimo cha rangi cha programu, unasoma nyekundu 168, kijani 118, buluu 88. Ukigusa jani la hina lililo pembeni yake, unasoma 142, 84 na 62. Angalia tofauti. Kwenye nyekundu hina imeshuka kwa kiasi cha asilimia 15 tu. Kwenye kijani imeshuka kwa karibu asilimia 29. Buluu nayo inatenganisha vizuri, lakini kwenye ngozi ya kahawia chaneli hiyo huwa na mwanga mdogo, na penye mwanga mdogo kamera hujaza chengachenga. Ndiyo maana kwa mikono yetu naitegemea kijani.

Hapo pia inaeleweka kwa nini ukumbi ni adui wa hina. Taa za manjano zina mwekundu mwingi na buluu kidogo, kwa hiyo chaneli isiyotenganisha ndiyo inayopata mwanga wote. Zile taa za zambarau na waridi za jukwaani ni mbaya zaidi, kwa kuwa zinakosa kijani karibu kabisa. Hakuna programu itakayorudisha ua ambalo taa haikuliangaza kwa rangi inayolionyesha. Mwenye haraka ya kupiga mikono chini ya taa hizo ajue kwamba anachokipoteza pale hakirudi mezani.

Basi picha ya mikono ipigwe mchana, kando ya dirisha au barazani penye kivuli, mwanga ukiingia kwa ubavu. Na ipigwe hina ikiwa imekolea. Wachora hina wote wanalijua hili, wapiga picha wengi hawaulizi: hina ikibanduliwa tu huwa ya machungwa, kisha huzidi kuiva kwa siku moja mpaka mbili, ikaenda kwenye nyekundu ya kahawia. Iliyobanduliwa Ijumaa usiku ina sura yake kamili Jumapili. Tena haikolei sawa mkono mzima. Kiganjani na kwenye ncha za vidole, ambako ngozi ni nene, hukolea sana. Mgongoni mwa mkono hubaki nyepesi. Tofauti hiyo ni ya kweli na picha inapaswa kuiheshimu.

Kitu kingine cha kuangalia ni mafuta. Bi harusi hupakwa mafuta mikono ing'ae, na kwa macho hupendeza. Kwa kamera, kila penye mng'ao pana utando mweupe juu ya hina, na chini yake ua limefunikwa. Pangusa mgongo wa mkono kwa kitambaa kikavu kabla ya kupiga, hasa kwenye vifundo vya vidole. Mwenye kichujio cha polaraizi akifunge mbele ya lenzi na kukizungusha taratibu huku akitazama mkono: kuna mahali mng'ao wa ngozi unazimika na hina inatoka chini yake kama ilivyo. Bangili za dhahabu hazizimiki, kwa sababu mng'ao wa metali haukatwi na kichujio hicho, na hilo ni jambo jema kwa picha ya harusi.

Kwa wanaotumia simu, neno ni moja: zima urembo. Ile hali ya kulainisha ngozi inatafuta vijistari vidogo na kuvifuta, ikidhani ni makunyanzi. Mistari ya hina ni myembamba, na programu haijui kwamba mama fulani ameinamia mkono huo tangu alasiri. Mikono ikitoka laini kama mpira na maua yamekuwa mabaka, ujue urembo ulikuwa umewashwa. Kilichofutwa hivyo hakiponi.

Rangi ya ngozi nayo hulindwa hapo hapo kwenye kupiga, kabla ya kuhariri. Weka kadi ya kijivu kando ya mkono, piga picha moja ukiwa nayo, kisha iondoe na uendelee kwenye mwanga ule ule. Baadaye programu inaambiwa "kijivu hiki ndicho kijivu", na picha zote zilizofuata zinakaa sawa. Wengi hutumia gauni jeupe badala ya kadi. Si sahihi. Vitambaa vyeupe vya siku hizi hutiwa dawa ya kung'arisha ambayo huvitupia ubuluu, na programu ikijaribu kuuondoa ubuluu huo, inaitia picha nzima umanjano. Kuwa mwangalifu pia na kinachouzunguka mkono: gauni la kijani likiwa chini ya viganja litapeleka ukijani kwenye vidole, na ukuta uliopakwa rangi kali utafanya vivyo hivyo.

Kwenye mwanga wa picha, usiamini kioo cha kamera peke yake. Fungua ile chati inayoonyesha rangi tatu mbalimbali na uangalie nyekundu. Kwenye ngozi ya binadamu nyekundu ndiyo hufika mwisho kwanza. Ikigonga ukuta wa kulia, pale palipoungua hapana tena tofauti ya hina na ngozi kwa upande huo, na ngozi huanza kuelekea manjano. Punguza mwanga kidogo mpaka nyekundu iachie ukuta, na uhifadhi faili la raw kama kamera yako inaruhusu.

Sasa tuje mezani, na ule mkono wetu wa 168, 118 na 88. Naeleza kwa Photoshop kwa sababu ndiyo inayoonyesha chaneli waziwazi, ingawa wazo ni lile lile kwenye GIMP. Nia ni kutengeneza kiolezo chenye umbo la hina peke yake, kisha kuitia hina giza kidogo ndani ya kiolezo hicho, ngozi ikiwa nje, haiguswi.

Fungua Channels na ubofye Red, halafu Green, halafu Blue, moja moja. Utaona kwa macho yako nilichokieleza kwa tarakimu. Bofya Green kwa kitufe cha kulia na uchague Duplicate Channel. Hiyo nakala ndiyo kiolezo chetu, na haitabadilisha picha hata ukiiharibu. Juu yake fungua Levels, uvute alama ya weupe na ya weusi zikaribiane mpaka ngozi iwe nyeupe na hina iwe nyeusi. Usizibane mpaka mwisho. Acha kijivu kidogo kwenye kingo za mistari, kwa sababu hina halisi haina ukingo wa wembe. Huvuja kidogo ndani ya ngozi, na kiolezo kilichokatwa kwa ukali kitaifanya ionekane imebandikwa. Kisha geuza kwa Invert, hina iwe nyeupe na ngozi nyeusi.

Hapa ndipo subira inapotakiwa. Kiolezo hakijui hina. Kinajua giza tu. Kitakuwa kimechukua pia vivuli kati ya vidole, mikunjo ya vifundo, mishipa, kucha zilizopakwa rangi na pindo la gauni. Chukua brashi nyeusi laini uvifute vyote hivyo. Ukiacha mikunjo ya vifundo ndani ya kiolezo, mkono utazeeka kwa miaka kumi, na bi harusi ataliona hilo kabla hajaliona ua.

Kiolezo kikiwa safi, bofya picha yake ndogo huku umeshika Ctrl ili kuchagua umbo lake, rudi kwenye RGB, uongeze tabaka la Curves. Kiolezo kitajikalisha chenyewe pembeni ya tabaka. Badilisha hali ya tabaka kutoka Normal kwenda Luminosity. Hatua hii ndogo ndiyo inayolinda rangi ya hina yenyewe: katika Normal, ukishusha mwanga rangi nayo hukolea kwa nguvu, na hina inaanza kuelekea damu ya mzee. Katika Luminosity giza linaongezeka, lakini rangi inabaki pale ilipokuwa. Kisha shusha katikati ya mstari wa Curves kidogo kidogo.

Kwenye mkono wetu, hina ikashuka kutoka 142, 84 na 62 hadi 124, 66 na 44. Tazama kwamba zote tatu zimeshuka kwa 18, na tofauti ya nyekundu na kijani imebaki 58 kama awali. Hiyo ndiyo dalili kwamba ni hina ile ile, imekolea zaidi tu. Na ngozi? Ukirudisha kipimo pale pale ulipogusa mwanzo, kinasoma 168, 118, 88. Haikuguswa. Kabla ya kuanza, weka alama mbili au tatu za kudumu kwa Color Sampler kwenye ngozi tupu, moja kwenye kifundo cha mkono, moja kati ya maua. Tarakimu zake zisipobadilika, una ushahidi usiobishaniwa. Zikisogea kwa zaidi ya moja au mbili, kiolezo kinavuja, rudi ukakisafishe.

Swali gumu ni la kipimo: hina itiwe giza mpaka wapi? Jibu langu ni kwamba liko kwenye mkono wenyewe. Tafuta hina ilipokolea kuliko pote kwa asili, na mara nyingi ni kwenye ncha za vidole zilizofunikwa hina nzima. Hiyo ndiyo dari. Mgongo wa mkono unaweza kusogezwa kuielekea, lakini usiifikie, seuze kuipita. Ukiipita, unamuuzia mteja ajaye hina ambayo mchoraji hakuichora, na siku atakapopakwa yeye na kutopata weusi ule, lawama itamwangukia mchoraji.

Kuna jambo la kwetu ambalo miongozo ya wageni haiugusi: piko. Mtindo unaopendwa sana Unguja na Mombasa ni kuchora mzingo wa ua kwa piko nyeusi na kujaza ndani kwa hina. Piko inameza mwanga wa rangi zote, kwa hiyo haipotei hata kwenye picha mbovu. Kinachopotea ni ujazo. Ukiona picha ambayo maua yote yana mzingo mweusi na ndani matupu, usidhani mchoraji aliacha. Ni hina iliyozama kwenye ngozi. Kazi hapa ni kuutoa ujazo bila kuizidisha piko, maana piko ikizidi hugeuka mashimo meusi. Ukiwa bado kwenye kiolezo, paka brashi nyeusi juu ya mistari ya piko ili itoke nje, ubakishe ujazo tu. Ni kazi ya kutwa ukiwa na mkono mzima, na kwa picha moja ya albamu inastahili. (Mchoraji asikuletee piko iliyotengenezwa kwa unga wa kupaka nywele weusi, ina kemikali inayoweza kuunguza ngozi, na alama yake haifutiki kwa programu yoyote.)

Asiye na kompyuta anaweza kufika karibu kwa Lightroom ya simu. Tengeneza Mask ya mikono peke yake, uchague Color Range kwa kugusa hina, kisha ushushe mwanga kidogo ndani yake. Usitegemee kitufe cha Red cha Color Mix kwa picha nzima. Rangi ya hina na rangi ya ngozi ya kahawia zinapakana sana, na kitufe hicho hakiwezi kuzitenga vizuri. Kitachukua na midomo, na mashavu yenye damu, na viganja. Clarity nayo iachwe. Inatia giza kila mkunjo na kuzungushia kila mstari ukungu mweupe, na ukungu huo pembeni ya mistari ndiyo alama ya kwanza ya kazi iliyovutwa kupita kiasi. Texture kidogo inatosha.

Na usihariri picha iliyopitia WhatsApp. Ikibanwa, kinachopunguzwa kwanza ni taarifa za rangi, kwa sababu jicho halizikosi upesi kama linavyokosa mwanga. Hina inajitenga na ngozi kwa rangi kiasi kikubwa, kwa hiyo inaumia kuliko vitu vingine: kiolezo kitatoka na vijisanduku, na mstari mwembamba utakuwa ngazi. Omba faili la asili.

Tabia ya kuona mkono mweupe kama ndio uliopigwa vizuri haikuzaliwa kwenye simu. Tangu miaka ya 1950 maabara nyingi za filamu zilisawazisha rangi kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyojulikana kama kadi ya Shirley, na ngozi nyeusi ilitoka jinsi ilivyotoka. Leo vifaa vimebadilika na kipimo tunacho mkononi. Anayeendelea kuwapausha maharusi anafanya hivyo kwa hiari yake.

Kwa hiyo wewe unayelipia picha hizo, au dada yako, au mama wa bi harusi: siku ya kukabidhiwa kazi, omba uonyeshwe picha ya awali na iliyohaririwa zikiwa ubavu kwa ubavu, kwenye kioo kimoja. Usianze na ua. Tazama kifundo cha mkono, pale pasipo na hina. Pakiwa pamebadilika rangi, irudishe ikafanywe upya.